Kujing'oa nywele: nilivyoujua mkono wangu kabla haujafika utosini

Nilipakwa dawa ya mapunye kwa miezi miwili bila nafuu, kwa sababu kule zahanati nilisema tu kwamba nywele zinakatika. Mapunye mara nyingi huja na magamba na muwasho. Kichwa changu hakikuwasha. Utosini palikuwa na nywele za urefu tofauti: nyingine zimekatika, nyingine ndiyo kwanza zinachomoza. Kliniki ya ngozi nilikokwenda baadaye nilitamka yote: "Ninajing'oa mwenyewe, najaribu kuacha nashindwa." Daktari hakushangaa. Aliitaja hali hiyo kwa jina, trikotilomania, akaniandikia barua ya rufaa kwa mwanasaikolojia wa hospitali.

Huko nilifundishwa mbinu ya kugeuza mazoea, iliyoasisiwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973. Inaanza na daftari. Kwa siku saba niliandika saa, mahali, mkono gani, na nilichokuwa nafanya. Mara ya kwanza nilihesabu pia nywele, nikaona aibu, nikaacha kuandika. Nilipoacha kuhesabu daftari likaendelea. Likaonyesha kwamba karibu kila mara ilikuwa kati ya saa tatu na saa tano usiku, nipo kwenye kochi, simu mkono wa kushoto, na wa kulia unapapasa utosi ukitafuta unywele mgumu uliojikunja. Kwa hiyo mahali pa kuzuia ni kwenye kupapasa. Unywele ukishashikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, umechelewa.

Mkono ukianza kupanda, nakunja ngumi, nashusha mkono ubavuni na kuubana hapo kwa dakika moja, au zaidi hamu isipopungua. Saa tatu kasoro navisha plasta vile vidole viwili, maana bila kuuhisi ule ugumu wa unywele, mkono hukosa cha kutafuta. Simu naishika kwa mikono yote miwili. Wiki mbili za kwanza mara nyingi nilikumbuka ngumi nikiwa nimeshang'oa. Hata hapo niliikunja, kwa kuwa mkono hujifunza hata ukichelewa.

Kusuka kwa kubana ili kuficha utosi kuliniumiza: rasta zilivuta vinyweleo vichanga vilivyokuwa vinaota. Sasa namwambia msusi, "Dada, hapa najing'oa, natibiwa, usipabane." Nyumbani nilimwomba mama aache kusema "Toa mkono!" mbele ya watu, kwani fadhaa ile ndiyo iliyonipeleka chumbani kung'oa zaidi. Tulikubaliana aniwekee tu kitambaa mkononi nikichezee.

Swali moja la daktari watu wengi hulikwepa: je, unazimeza? Jibu ukweli. Tumbo halisagi nywele. Zinaweza kujikusanya zikawa bonge, likaleta maumivu, kutapika na kushiba haraka, na mara nyingine haliondoki bila upasuaji.