Nilivyotafsiri "ndani ya siku 30" kwenye ankara ya mchele

Mama mmoja wa Uyole, anayesambaza mchele wa Mbarali hadi Lubumbashi, aliniletea ankara yake niiweke katika Kifaransa. Kwa simu yeye na mteja wake wanaelewana vizuri, maana Lubumbashi nako wanazungumza Kiswahili, ila mhasibu wa kule anafanya kazi na karatasi za Kifaransa. Sehemu ya malipo ilisema tu: "Malipo yafanyike ndani ya siku 30."

Nikamwuliza, "Mama, siku hizo unazihesabu tangu lini?"

"Tangu lori linapoondoka. Ankara naiandika siku hiyo hiyo."

Swali hilo lina pesa ndani yake. Ankara ilikuwa ya tarehe 10 Machi 2025. Ukihesabu kutoka hapo, malipo yanadaiwa tarehe 9 Aprili. Lori likivuka Tunduma na Kasumbalesa likafika tarehe 22 Machi, na mteja akahesabu tangu alipopokea mzigo, inakuwa 21 Aprili. Halafu wahasibu wa Kifaransa wana utaratibu wao wa "30 jours fin de mois", yaani siku 30 kisha mwisho wa mwezi, na huo unafika 30 Aprili. Kwa hiyo "30 jours" peke yake sikuiandika.

Nilichunga pia neno dogo "les". "Dans 30 jours" humwambia msomaji kwamba malipo ni baada ya siku 30. "Dans les 30 jours" ndiyo inayosema wakati wowote kabla hazijaisha. Niliandika hivi:

```
Paiement dans les 30 jours suivant la date de la facture,
soit au plus tard le 9 avril 2025.
```

Mstari wa pili unataja siku ya mwisho yenyewe, na mimi ndio ninaoutegemea zaidi, kwa sababu mhasibu hana haja ya kuhesabu chochote. Kiasi nacho nilikigeuza: dola 24,600.00 kikawa "24 600,00 USD", kwani kwa Kifaransa mkato hutenganisha senti, wala si maelfu.

Mteja alijibu kwamba hawezi kuanza kuhesabu mzigo ukiwa bado njiani. Mama akakubali siku zianze mzigo ukipokelewa. Hapo kubadili maneno ya mwanzo hakukutosha. Niliweka "suivant la réception de la marchandise", nikaufuta mstari wa tarehe, maana siku ya kufika haikuwa inajulikana bado, na badala yake nikaandika kwamba tarehe ya kupokea ni ile iliyo kwenye hati ya mzigo, "bon de livraison", iliyosainiwa na kugongwa mhuri. Mama alimwagiza dereva asiondoke ghalani kabla ya kupewa nakala ya hati hiyo, na aipige picha amtumie siku hiyo hiyo.