Jina la mfadhili haliwezi kukaa kifuani

Barua yetu ya kuomba ufadhili wa sare imefika leo mchana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kabla sijalala nataka kuandika jinsi tulivyoiandaa, kwa sababu kila msimu ukikaribia walimu wenzangu wa michezo huniuliza tunaandika nini mpaka mtu anatoa.

Timu yenyewe ni ya netiboli, wasichana wa sekondari hapa Muheza. Sare walizonazo wamezirithi kwa dada zao waliokwisha kumaliza shule. Sketi zimefifia kila moja kivyake, na mbili zinashikwa kiunoni kwa pini. Mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya tunayatarajia kabla ya likizo ya Juni, kwa hiyo barua tumeipeleka mapema. Fundi anahitaji muda wa kushona, na mwenye duka naye anahitaji siku za kufikiri bila kuhisi anasukumwa.

Rasimu ya kwanza waliandika wachezaji wenyewe. Ilikuwa na adabu, salamu zimejaa aya nzima, halafu mwishoni wakaomba "msaada wowote utakaojaliwa". Hapo tulikaa muda mrefu. Ukimwomba mtu chochote, unamwachia yeye kazi ya kukisia shida yako, naye akiwa na foleni ya wateja atatoa noti moja ili aendelee na shughuli zake. Basi nikawatuma wawili kwa fundi wakaulize bei. Fulana na sketi ni shilingi 18,000 kwa mchezaji mmoja, na kuchapa jina ni 1,500. Wachezaji ni 12, kwa hiyo jumla ni 234,000. Mpira utanunuliwa na shule, na jambo hilo tumelitaja kwenye barua, maana mfadhili akiona wenyewe mmeshatia mkono, anaamini kwamba hamjamtwisha mzigo wote.

Kilichonifurahisha zaidi ni mjadala wa shukrani. Walikuwa wameahidi jina la duka litachapwa kifuani, kama wanavyoona kwenye jezi za timu za Ligi Kuu. Nahodha wetu akauliza, "Mwalimu, si tutavaa vizibao juu yake?" Ndivyo ilivyo. Katika netiboli kila mchezaji anavaa kizibao chenye herufi za nafasi yake, GS, GA, WA, C, WD, GD au GK, mbele na nyuma, na mwamuzi lazima azione. Kizibao hicho kinafunika kifua na mgongo mchezo mzima. Mwenye duka angelipia jina lake, aje uwanjani siku ya mechi, asilione.

Tukalishusha hadi kwenye sketi, upande wa mbele, juu kidogo ya pindo. Tulikata karatasi yenye ukubwa wa jina, tukaibandika kwenye sketi ya mchezaji mmoja, wengine wakasimama pembeni mwa uwanja kujaribu kusoma. Jina la duka likiwa peke yake linasomeka. Ukiongeza namba ya simu na orodha ya bidhaa, yote yanageuka michirizi tu. Kwa hiyo tumeahidi jina tupu, na namba ya simu tumeiweka mahali pengine.

Mahali hapo ni picha ya timu. Itawekwa kwenye fremu na kutundikwa dukani, nyuma ya kaunta, ikiwa na maandishi chini yake. Mimi naiona kuwa shukrani bora kuliko sare, kwa sababu watazamaji wa mechi za shule wengi ni wanafunzi, na wanafunzi hawanunui saruji. Wanaoingia dukani kununua saruji na mabati ni wazazi wao. Wazazi wa wachezaji tumewaandikia kwanza kuomba ridhaa, kwa sababu picha ya mtoto haitundikwi mahali pa biashara bila mzazi kukubali.

Kuna ahadi moja tuliyoifuta kabisa: kwamba jina litafika mkoani. Wachezaji wetu wakichaguliwa kuingia timu ya wilaya watavaa jezi za wilaya, na sare zetu zitabaki shuleni.

Barua ilikuwa na anuani ya shule juu kulia, tarehe, kisha anuani ya mwenye duka kushoto. Mwili wake huu hapa, majina nimeyaondoa:

*Ndugu,*

*YAH: MAOMBI YA UFADHILI WA SARE ZA TIMU YA NETIBOLI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi ni timu ya netiboli ya wasichana wa shule hii. Tunajiandaa kwa mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya na tunahitaji sare za wachezaji 12. Gharama yake ni shilingi 234,000 kama inavyoonekana kwenye ankara ya fundi tuliyoambatanisha. Mpira utanunuliwa na shule.*

*Tunaomba utufadhili sare zote, au sehemu yake kadiri utakavyoweza. Malipo yafanywe moja kwa moja kwa fundi, nawe utabaki na risiti. Sare zitapokelewa na Mkuu wa Shule na kuandikwa kwenye leja ya stoo.*

*Kwa shukrani, jina la duka lako litachapwa kwenye kila sketi utakayoilipia, na tutakuletea picha ya timu yenye fremu, jina la duka na namba ya simu, ndani ya wiki mbili baada ya kupokea sare. Tutatangaza shukrani zetu kwako pia kwenye mkutano wa wazazi utakaofuata.*

*Tutapita dukani Ijumaa ijayo kupata jibu lako.*

*Wako katika michezo,*

Chini yake kuna sahihi ya nahodha, sahihi yangu, kisha "Imepitishwa na" Mkuu wa Shule na muhuri. Bila muhuri ule, barua ya wanafunzi ni karatasi tu, kwani wapo watu wanaozunguka madukani kuchangisha kwa jina la shule ambayo haiwajui.

Tulikwenda saa nane mchana, mimi na nahodha. Asubuhi pale mafundi wanapakia nondo na saruji, hakuna wa kukusikiliza. Nahodha akamwamkia, "Shikamoo mzee," akampa barua kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akasoma amesimama, na kidole chake kikarudi mara mbili kwenye mstari wa malipo.

"Kwa hiyo hela haipiti kwenu?"

"Hapana mzee. Inakwenda kwa fundi."

Akasema kuna timu ya mtaani iliwahi kumchangisha, akatoa, na hakuiona tena. Halafu akamgeukia nahodha, akamwuliza picha italetwa lini hasa. Nahodha akamwonyesha mstari wenyewe: wiki mbili baada ya sare. Nilijivunia sana alivyojibu bila kunitazama mimi kwanza.

Hakungoja Ijumaa. Atalipia sare nane. Nne zilizobaki zina gharama ya shilingi 78,000, na kwa hizo nahodha ameshapendekeza duka la vifaa vya shule lililo karibu na stendi. Nimekubali, ila barua itabadilika: sketi nane zitakuwa na jina moja, nne jina jingine, na lazima wote wawili waambiwe hivyo kabla hawajatoa senti. Mzee nimeshamwambia. Alisema hana neno, mradi jina lake liandikwe sawasawa, akaniandikia kwa mkono wake nyuma ya bahasha. Kesho bahasha hiyo inakwenda kwa fundi pamoja na vipimo.