Barua ya mwisho iliyofanya nilipwe deni la milango

Mwenye gesti mmoja hapa Tanga alinibakizia deni la shilingi 1,850,000 za milango sita niliyomtengenezea. Wiki tano nilimkumbusha kwa WhatsApp. Tiki za bluu zinakuja, jibu haliji.

Rasimu yangu ya kwanza ilitishia polisi. Shangazi, aliyewahi kuwa karani, akaufuta mstari ule: "Mwanangu, deni la mkataba ni madai, si jinai. Akijua hilo, barua nzima ataicheka."

Nikaandika upya ukurasa mmoja. Bei ya kazi 4,350,000, malipo ya awali 2,500,000, siku milango ilipowekwa, salio, namba ya kulipia. Kisha: "Usipolipa ifikapo Ijumaa ijayo saa kumi jioni, Jumatatu nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Kama unapinga kiasi hiki, nijibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo, tukae mbele ya msuluhishi tutakayemkubali wote." Msuluhishi nilimweka kama ombi tu, maana mkataba wetu haukuwa na kifungu cha usuluhishi. Ungekuwa nacho, ningeanzia huko, la sivyo angeomba mahakama isimamishe shauri.

Sikuituma kwa simu. Nilipeleka nakala mbili. Dada wa mapokezi akasaini yangu, akaandika tarehe na saa. Saini ile ndiyo ingemziba mdomo wa "sikupata barua".

Jumatano mwenye gesti akapiga simu: milango miwili inakwaruza sakafu. Nikaenda na randa, nikaipunguza chini. Ijumaa saa tisa pesa ikaingia yote.