Siku moja kwenye dawati la msaada: nywila iliyokufa Ijumaa usiku

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua ofisi yetu ndogo iliyo kando ya chumba cha seva, nawasha feni, naangalia tiketi za usiku. Ziko saba, zote za kawaida: printa, sauti ya mkutano, mtu aliyefungiwa akaunti. Nazimaliza kabla chai haijapoa.

Wengi ofisini wanaamini kazi yetu ni kusema "zima, halafu washa". Sikatai, sentensi hiyo naisema mara kumi kwa siku. Ila leo ni Jumatatu ya waajiriwa wapya, na wapo wanne.

Saa mbili na robo simu inalia. Ni msimamizi wa idara ya fedha. "Fundi, dada wetu mpya amekaa tu hapa. Paswedi mliyompa haifanyi kazi."

Nashuka. Dada mwenyewe ameketi wima kabisa, mkoba bado begani, bahasha yetu imefunguliwa mezani. Ananisalimia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujilaumu. "Samahani kaka, nadhani nakosea kuandika. Hii ni sifuri au ni herufi O?" Amejaribu mara tano. Ya nne alimwomba jirani yake amsomee herufi moja moja.

Naangalia skrini na jibu liko pale pale, kwa anayejua pa kutazama. Sisi tunatumia Entra ID, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za wafanyakazi, na mwajiriwa mpya hapewi nywila ya kawaida. Anapewa nywila ya muda, ambayo mfumo unaiita `Temporary Access Pass`. Ikiwa hai, ukurasa wa kuingilia unaonyesha kisanduku kilichoandikwa `Enter Temporary Access Pass`. Ikishakufa, mfumo hauombi tena kitu hicho. Unarudi kuomba nywila ya kawaida, ambayo huyu dada hana na hajawahi kuwa nayo. Kwa hiyo ameandika herufi sahihi kabisa kwenye kisanduku kisicho chake, na kila mara anajibiwa kwamba amekosea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba muda umeisha. Mtu mgeni, siku ya kwanza, bosi kasimama nyuma yake: atafikiri nini zaidi ya kwamba macho yake ni mabovu?

Namwambia hajakosea chochote. Mabega yanashuka kidogo.

Narudi mezani kwangu kuhakikisha. Amri ni hii:

```powershell
Get-MgUserAuthenticationTemporaryAccessPassMethod -UserId "mpya@kampuni.example"
```

Kwenye majibu, sehemu ninayoitaka ni `MethodUsabilityReason`. Inasema `Expired`. Natazama muda ilipotengenezwa: Ijumaa, saa tisa alasiri, ikapewa saa nane za kuishi. Hesabu haihitaji kikokotoo. Ilikufa Ijumaa hiyo hiyo saa tano usiku, mwenyewe akiwa nyumbani kwake anapiga pasi nguo za Jumatatu.

Aliyeitengeneza ni mwenzangu, na alikuwa na nia njema. Fomu kutoka rasilimali watu ilifika Ijumaa mchana, akataka kuimaliza ili Jumatatu tusikimbizane. Alijua saa moja, ambayo mfumo hutoa usipogusa kitu, haitatosha, akavuta hadi mwisho unaoruhusiwa na sera yetu: saa nane. Kilichompita ni kwamba saa hiyo inaanza kuhesabu pale anapobonyeza. Haimsubiri mtu avae kitambulisho.

Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoharibika, na kosa la pili ni langu mwenyewe.

Natengeneza nyingine haraka. Kabla sijaitoa, msimamizi anapiga tena: "Nitumie kwenye simu yangu, nitampa." Nakataa. Mwenye nywila hiyo ndiye mwenye akaunti. Anaweza kuingia na kusajili simu yake kuwa ufunguo wa kudumu. Msimamizi ananuna, anasema yuko mita ishirini tu kutoka kwake. Namwambia basi na mimi niko mita arobaini, nakuja. Nashuka, naangalia kitambulisho cha dada, nalinganisha jina na fomu, nampa kwenye karatasi. Anaandika. Safari hii kisanduku ni kile sahihi, anaingia, anatabasamu.

Hatua inayofuata ni kuweka programu ya `Microsoft Authenticator` kwenye simu yake, ili kuanzia hapo aingie kwa simu na asihitaji tena karatasi. Simu inasema nafasi imejaa. Anaanza kufuta picha, na kila picha anaiangalia kwanza. Harusi ya dada yake. Mtoto wa jirani. Harusi tena, pembe nyingine. Mimi nimesimama natazama saa ya ukutani, kwa sababu nimekumbuka kitu ambacho ningekumbuka nusu saa mapema: nimeitengeneza kwa haraka na kuiacha na alama ya matumizi ya mara moja. Ukiingia kwa nywila ya mara moja, una dakika kumi tu za kukamilisha usajili wa simu. Zikipita, mfumo unataka uthibitishe tena, na ile ya mwanzo imekwisha kazi.

Programu ilimaliza kushuka dakika ya kumi na tatu.

Napanda tena, naangalia: `OneTimeUsed`. Nilicheka peke yangu, cheko lile la mtu aliyechoka kabla ya saa nne. Mwenzangu aliua nywila kwa kuwahi, mimi nimeiua kwa ubahili. Ya tatu naitoa kwa utulivu: inatumika zaidi ya mara moja, inaishi saa nne. Natupa na zile karatasi mbili za zamani, maana mtu mmoja huwa na nywila ya muda moja tu. Mpya ikitoka, ya kale haina maana tena, na karatasi iliyobaki mezani humchanganya mtu kesho yake. Saa nne na dakika ishirini dada anafungua barua pepe yake ya kwanza. Saa mbili na zaidi za siku yake ya kwanza zimeliwa na karatasi.

Wengine watatu? Wawili walikuwa na tatizo hilo hilo, nikawamaliza kwa dakika kumi na tano kila mmoja kwa kuwa sasa nilijua. Wa nne hakufika. Rasilimali watu wanasema ameahirisha hadi Alhamisi, habari ambayo kila mtu alikuwa nayo isipokuwa sisi.

Mchana ulipita. Nilikula nimesimama.

Alasiri, nadhani ilikuwa kama saa nane hivi, nikakaa na mwenzangu. Sikumlaumu, ningeanzia wapi? Wazo lake la kwanza lilikuwa lile la kila mtu: tuongeze muda. Sera inaweza kupandishwa hadi siku thelathini, kwa nini tusitoe ya wiki nzima na kupumzika? Kwa sababu nywila ya wiki nzima iliyochapwa na kulazwa kwenye bahasha, kwenye droo isiyofungwa, ni mlango ulioachwa wazi wiki nzima, na mwenye nyumba bado hajafika hata kujua kwamba umefunguliwa. Ufupi wa muda si adui yetu. Tunachokosea ni pa kuanzia.

Na mfumo una dawa yake, tulikuwa hatuigusi tu. Unapotengeneza nywila hii kuna sehemu ya `Delayed start time`: unaitengeneza leo, inaamka siku unayotaka. Fomu ya rasilimali watu nayo ina tarehe ya kuanza kazi, imeandikwa pale juu kabisa, tena kwa herufi nene. Siku zote tumekuwa tukiisoma tarehe ambayo fomu ilifika.

Jumatano wanakuja wawili. Tukawafanyia hivi:

```powershell
$nywila = @{
  startDateTime     = "2025-06-11T05:00:00Z"
  lifetimeInMinutes = 480
  isUsableOnce      = $false
}
New-MgUserAuthenticationTemporaryAccessPassMethod -UserId "mpya@kampuni.example" -BodyParameter $nywila
```

Ile `Z` mwishoni ndiyo ya kuangaliwa. Inamaanisha saa imeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na kwetu 05:00 ya UTC ni saa mbili asubuhi. Ukisahau kugeuza ukaandika 08:00, mtu atakaa mpaka saa tano akiletewa kisanduku kile kile kisicho chake, na safari hii sababu itakuwa kwamba nywila bado haijazaliwa. Dakika 480 ni saa nane, kwa hiyo inaishi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni: siku ya kazi, basi. Na inatumika zaidi ya mara moja, kwa heshima ya watu wenye picha nyingi.

Barua ya bahasha nayo nimeiandika upya. Ya zamani ilisema "tumia siku yako ya kwanza", maneno yasiyo na saa. Kabla ya hapo tuliwahi kuweka saa ya kukoma kama skrini ilivyoionyesha, 4:00, mtu akaisoma saa nne, sawasawa na kila mzungumzaji wa Kiswahili angeisoma, akashangaa kwa nini tunamwambia muda wake umeisha kabla hajaketi. Sasa inasema: "Itaanza Jumatano saa mbili asubuhi, itakoma Jumatano saa kumi jioni. Ukiona kisanduku kinaomba nywila ya kawaida, usijaribu tena. Piga simu dawati la msaada." Sentensi hiyo ya kati ndiyo ingemwokoa yule dada majaribio yake matano.

Hili halimalizi kila kitu. Mtu akiahirisha siku moja, tumerudi pale pale. Kwa hiyo nimeomba rasilimali watu watuthibitishie majina alasiri ya siku iliyotangulia. Wamekubali kwa neno lile la "tutaangalia". Kwa anayefanyia kazi ofisini nimependekeza tuache bahasha kabisa: akifika, tunaona kitambulisho, tunaitengeneza mbele yake, inaishi saa moja au mbili. Mwenzangu anasema hiyo inamaanisha mmoja wetu asimame mapokezi kila Jumatatu. Anasema kweli, na miguu yangu inakubaliana naye.

Sijui ilikuwa saa ngapi tena simu ilipolia. Yule dada wa fedha. Moyo ukaruka.

"Kaka, hii printa inataka paswedi gani?"

Nikamwambia azime, halafu awashe.

Kabla ya kufunga nikaangalia zile mbili za Jumatano. Zote zinasema `NotYetValid`. Nikazima feni.