Barua kwa Mwalimu: floraidi ya Arumeru na uchaguzi wa shahada ya uzamili

Leo nimemwandikia mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu wa shahada ya kwanza ya kemia, kuhusu floraidi, kemikali ya asili ambayo ikizidi katika maji ya kunywa huharibu meno. Naihifadhi barua hapa kama nilivyoituma, kwa sababu ni katika kuiandika ndipo swali langu lilipokaa sawa.

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima pamoja na familia. Muda wa kuomba nafasi za uzamili umekaribia, nami ninavutwa na njia tatu: haidrojiolojia, uhandisi wa maji na afya ya jamii. Zote zinagusa floraidi katika maji ya Arumeru, lakini kila moja inaiuliza swali lake.

Ulitufundisha kwamba floraidi ya huko hutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, na kwamba hubaki kwa wingi majini pale ambapo sodiamu na baikaboneti ni nyingi na kalsiamu ni kidogo, kwa kuwa kalsiamu ndiyo huishika floraidi na kuifanya madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Haidrojiolojia ingeniwezesha kueleza kwa nini chemchemi moja inafaa ilhali kisima cha jirani hakifai, na kusema hivyo kabla watu hawajachimba. Nilidhani hiyo ndiyo njia yangu, hadi niliporudia vipimo vya kaya moja.

Kaya hiyo ilichuja maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, aina ile iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Mama mwenye nyumba alinikingia maji katika kikombe, akanihakikishia kwamba chujio bado ni zima kwa sababu maji ni maangavu na hayana harufu. Nilipopima kwa elektrodi sampuli ya kisimani na ile iliyochujwa, baada ya kuziongezea bufa kama ulivyotuelekeza, tofauti ilikuwa ndogo mno. Mkaa ulikuwa umeshiba. Floraidi kwa viwango hivyo haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui, hivyo mama yule hakuwa na namna yoyote ya kujua.

Nimejaribu kukadiria mkaa hudumu muda gani. Tuchukulie chujio lenye kilo 10 za mkaa, kila gramu ikiweza kushika miligramu 2 za floraidi. Kwa jumla ni miligramu 20,000. Familia ikichuja lita 20 kwa siku kutoka kisima chenye miligramu 8 kwa lita, na maji yakatoka na miligramu 1, mkaa hubeba miligramu 140 kila siku na huisha nguvu katika siku zipatazo 143. Kisima kikiwa na miligramu 4, mkaa uleule hufika siku 333. Kwa hiyo kuziambia kaya zote zibadilishe mkaa kila baada ya miezi sita ni kuiacha familia ya kwanza inywe kwa zaidi ya mwezi maji yaliyozidi kiwango kinachokubalika cha miligramu 1.5 kwa lita, huku ya pili ikitupa mkaa ambao bado unafanya kazi. Tena hesabu hii inadhani mkaa wote ni sawa, wakati tanuri lisilopata moto wa kutosha huacha mabaki yanayoyapa maji harufu, na moto uliozidi huufanya mkaa kuwa mweupe na kupunguza uwezo wake.

Hapo ndipo ninapoegemea uhandisi wa maji. Ningependa kuchunguza jinsi kaya au fundi wa kijiji anavyoweza kutambua mapema kwamba mkaa unakaribia kushiba, pengine kwa kuhesabu lita zilizopita, pengine kwa kipimo rahisi cha rangi. Afya ya jamii naiheshimu sana, lakini meno ya kudumu ya mtoto hudhurika yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, na madoa ya kahawia huonekana miaka kadhaa baadaye. Sioni jinsi utafiti wa uzamili wa miaka miwili ungeweza kupima faida ya chujio kwa kutazama meno.

Ninachohofia ni msingi wangu. Nimesoma kemia, mwendo wa maji na usanifu wa mitambo sijausoma. Je, unaonaje niombe uhandisi wa maji na mazingira katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, karibu na visima vyenyewe, au nibaki katika kemia na kulichukua swali hili kama tasnifu? Na endapo nitahamia uhandisi, ni somo gani la hisabati nianze kulisoma sasa?

Nimeambatisha jedwali la vipimo pamoja na hesabu hiyo. Ikiwa makadirio ya miligramu 2 kwa gramu unayaona ni makubwa kwa mkaa wa kule, naomba uyarekebishe kabla sijaandika pendekezo la utafiti.

Mwanafunzi wako.