Wimbo unaoitaja Serengeti

Jana saluni Majengo mdogo wangu alisikia wimbo wa kizungu wa zamani redioni, akashika kipande tu: Kilimanjaro ikoje sijui, "like a leopard", halafu Serengeti. Usiku kucha ananisumbua, "Kaka, nitafutie basi!"

Akaandika Google sentensi nzima kama alivyoisikia, ndani ya alama za kufunga na kufungua usemi. Patupu. Alama hizo zinadai maneno yafuatane vilevile, kwa hiyo neno moja ulilosikia vibaya linaua yote. Tukaziondoa, yakaja matangazo ya safari za mbugani.

Nikamwambia abakize maneno aliyo na uhakika nayo. "Like" haisaidii, imejaa kwenye kila wimbo. Lakini Kilimanjaro na Serengeti katika mstari mmoja? Ni nadra mno. Palipo na shaka tukaweka nyota, ambayo Google huichukulia kama nafasi ya neno lolote:

```
"Kilimanjaro rises like * above the Serengeti" lyrics
```

Papo hapo: "Africa" wa Toto, 1982. Na pale palikuwa "Olympus", mlima wa Wagiriki, wala si chui! (Mtu wa Moshi atacheka, mlima wenyewe uko mbali na Serengeti.)

Kwenye visanduku vya kutafutia vya tovuti zenyewe za mashairi nyota mara nyingi haifanyi kazi. Huko andika `above the Serengeti` tu. Kwa nyimbo zetu jaribu pia tahajia mbili, maana mashabiki huandika wanavyosikia: mmoja "si kutaki", mwingine "sikutaki".