Siku moja maishani mwangu: bango lililozidi sentimita sita

Saa mbili asubuhi nafungua karakana yangu ya mabango hapa Arua, na Hajati wa zahanati mpya ameshakaa kwenye benchi. Anataka bango la mbele la mita 2.5 kwa 1.2 na vibao 8 vya milango. "Niandikie kotesheni leo, mwanangu."

Saa tatu tuko kwake na futi. Ukuta ni mzima, hauhitaji nguzo.

Saa nne nakaa kuandika, na papo hapo nakwama. Bamba la alukobondi ninalotengenezea bango lina urefu wa mita 2.44 na upana wa 1.22. Kwa sentimita 6 zinazozidi, ningelazimika kununua bamba la pili na kuunga, na kiungo huonekana hata chini ya stika. Nampigia simu: "Hajati, tupunguze iwe 2.4, bamba moja litatosha." Anacheka, anakubali.

Basi barua ya kotesheni ikawa hivi. Bango, pamoja na kulifunga ukutani, shilingi 850,000. Vibao vya milango 25,000 kila kimoja, yaani 200,000. Jumla 1,050,000. Nikaandika wazi kwamba duka langu halijasajiliwa kwa VAT, maana wahasibu hupenda kuuliza baadaye. Malipo ya awali asilimia 60, yaani 630,000. Zinazobaki 420,000 siku ya kufunga. Bei inadumu siku 14, kwa sababu bamba nanunua Kampala na bei ya huko siishiki mimi.

Sentensi niliyoihangaikia hadi saa saba ni ya muda. Zamani niliandika "siku 7" tu. Mteja mmoja akazihesabu tangu tarehe ya barua, akalipa siku ya tano, na siku ya saba akaja na wageni wa ufunguzi. Bamba lilikuwa bado kwenye basi. Siku hizi naandika: "Siku 7 za kazi, kuanzia siku malipo ya awali yanapopokelewa na sampuli ya maandishi kusainiwa, lolote litakalochelewa zaidi." Naongeza kwamba barabara ikifungwa, siku hizo hazihesabiwi. Mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye njia ya Kampala, lilipofungwa kwa ukarabati, mabasi yetu yalizunguka njia ndefu.

Mchana nakata stika za mtu mwingine. Hakuna la kusimulia.

Saa kumi Hajati anarudi. Analalamikia ile asilimia 60, anataka nusu. Namwonyesha kwamba bamba, stika na nauli ya basi vinamaliza karibu zote kabla sijagusa kisu. Ananyamaza, anahesabu noti.

Kisha namsomesha sharti la mwisho: kosa la herufi kwenye sampuli iliyosainiwa si langu. Anavaa miwani, anachukua sampuli, anafuata kila neno kwa kidole, anafika kwenye namba ya simu.

"Mwanangu, hii ina tarakimu tisa."

Namnyang'anya kalamu kabla hajasaini.